“Ticha, naweza kukwambia siri?” Namna ya kujibu bila kudanganya

Ujumbe huja usiku, na mara nyingi hauji na salamu kamili. “Ticha uko?” Kisha kimya cha dakika mbili. Kisha: “Nna kitu nataka kukwambia lakini ni siri. Usiambie mtu. Niapie.”

Ukiwa mwalimu wa ushauri nasaha kama mimi, au maalim wa madrasa, kocha wa timu ya mtaa, au shangazi ambaye watoto wa nduguzo wanamwona ni mwepesi wa kuongea naye, ujumbe huu utakufikia siku moja. Nitazungumzia hali moja tu: mtoto wa chini ya miaka 18 anayemwandikia mtu mzima anayemwamini, hapa Mombasa, kwenye WhatsApp. (Ikiwa nambari huijui na mtu anadai ana siri yako wewe na anataka utume pesa ndipo anyamaze, huyo ni tapeli, mzuie ulale.)

Kazi yote ya uaminifu inafanyika katika jibu lako la kwanza. Mtoto ameuliza kama utaweka siri, na bado hajaisema. Nafasi hiyo ndogo, baina ya swali na siri yenyewe, ndiyo pekee ambapo unaweza kumweleza mipaka yako na yeye akabaki na hiari. Akishasema, maelezo yako ya mipaka yatakuwa khiyana hata kama ni sahihi.

Jibu la kwanza

Wengi tunajibu haraka: “Niambie mwanangu, haitoki hapa.” Tunalisema kwa mapenzi, lakini ni ahadi juu ya jambo ambalo hatujalisikia. Huenda siri ni kwamba amefeli hesabu. Huenda ni kwamba mtu anaingia chumbani kwake. Ukiwa mwalimu aliyeajiriwa na TSC, waraka nambari 3 wa mwaka 2010 unakutaka uripoti habari au shaka ya unyanyasaji wa kingono dhidi ya mwanafunzi ndani ya saa 24, na kunyamaza kunaweza kukufikisha mbele ya kamati ya nidhamu. Kwa hiyo “haitoki hapa” ni ahadi ambayo huna uwezo nayo.

Jibu ninalolitumia ni kama hili, na unaweza kulibadilisha liendane na unavyoongea:

“Niko. Umefanya vyema kuniandikia. Kabla hujaniambia, nikwambie ukweli: mambo mengi nikiambiwa yanabaki kwangu. Lakini kama kuna mtu anakuumiza, au unafikiria kujiumiza, au kuna mtoto mwingine yuko hatarini, sitaweza kukaa nalo peke yangu, itabidi nitafute mtu wa kutusaidia. Hilo likitokea nitajitahidi wewe ndiye ujue kwanza. Uamuzi wa kuniambia ni wako. Sasa hivi uko mahali salama?”

Kila sehemu ina kazi yake. “Mambo mengi yanabaki kwangu” ni kweli, na inafaa kutangulia, kwa sababu siri nyingi za vijana si za kuripoti kwa yeyote: amegombana na rafiki, baba amefukuzwa kazi, haelewi mambo ya dini yake, anaishi na virusi vya Ukimwi tangu kuzaliwa na hataki darasa lijue. Hiyo ya mwisho inalindwa kwa nguvu hata na sheria, ile ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi. Mtoto akisikia vitisho kwanza, ataondoka na siri ambayo ungeweza kumwekea bila shida yoyote.

Mipaka mitatu niliyoitaja imeandikwa kwa maneno anayoyatumia mwenyewe. “Nitaripoti kwa mamlaka husika” ni lugha ya ofisi, na mtoto anaposikia “mamlaka” anaona askari mlangoni kwao. Na nimeandika “nitajitahidi” wewe ujue kwanza, sikuandika “lazima”. Akiniambia amemeza vidonge dakika kumi zilizopita, nitampigia aliye karibu naye kabla ya kumwomba ruhusa.

Swali la mwisho, kama yuko salama sasa, usiliache. Kuna watoto watakaolijibu hilo na kuruka mengine yote.

Akisema “niapie wallahi”

Hapa kwetu hili litakuja, na mtu mzima anayekataa kiapo huonekana ana hila. Mimi hujibu: “Siapi kwa jambo nisilolijua, nitakuwa nakudanganya na namdanganya Mungu.” Watoto waliolelewa madrasa wanalielewa haraka kuliko maelezo yoyote ya sheria. Na ikiwa ulishaapa kabla ya kusoma haya, kisha ukasikia kwamba mtoto anaumizwa, kiapo hakikufungi kunyamaza: mafundisho ya kawaida ni kwamba anayeona lililo bora kuliko alichokiapia hulifanya lililo bora na kutoa kafara, yaani kulisha maskini 10 au kuwavisha, na asiyeweza hufunga siku 3. Muulize sheikh wako namna ya kuitoa, lakini usimwache mtoto ndani ya nyumba hiyo ukisubiri fatwa.

Akinyamaza baada ya kusikia mipaka

Hii ndiyo sehemu ngumu, na ndiyo inayowafanya watu warudi kwenye uongo. Alama mbili za samawati zinaonekana, kisha hakuna kitu. Unaingiwa na hofu, unaandika: “Sawa basi, sitamwambia mtu, niambie tu.” Umeyafuta yote uliyoyasema, na amejifunza kwamba akikunyamazia kidogo unalegea.

Usimfukuze kwa jumbe kumi pia. Andika mmoja wenye mlango wa pili: “Sawa, hulazimiki. Ukitaka kuuliza bila kutaja jina lako, piga 116, ni bure usiku na mchana. Mimi kesho niko maktaba wakati wa mapumziko.” Nambari 116 ni ya watoto, inaendeshwa na Childline Kenya pamoja na serikali, na inapigwa bila salio. Mtoto anaweza kuieleza hali yake kule na kupata picha ya kitakachofuata kabla ya kujifunua kwa mtu anayemjua. Mara nyingi anarudi kwako baadaye na swali la kupima: “Na kama ni rafiki yangu yamemkuta?” Jibu kana kwamba ni rafiki kweli, na mipaka ni ileile.

Lakini kama alishadokeza jambo la hatari kabla ya kunyamaza, mfano “sitaki kuamka kesho”, kimya hicho si hiari tena. Piga simu. Asipopokea, mpigie mtu mzima aliye naye. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hutoa ushauri wa kisaikolojia kwa simu na itakusaidia wewe pia kufikiria hatua.

Simu yako yenyewe

Watu huahidi usiri kwa mdomo huku simu ikiwa mezani inawaka. Kabla hujamwalika mtoto aandike zaidi, hakikisha arifa hazionyeshi maneno kwenye skrini iliyofungwa. Fungua `Linked devices` ndani ya WhatsApp uone kama akaunti yako bado iko wazi kwenye kompyuta ya ofisi au ya saibakafe. Chati yenyewe unaweza kuifungia kwa `Lock chat`. Na muulize yeye simu anayoitumia ni ya nani. Nyumba nyingi za Likoni na Kisauni simu moja inahudumia mama na watoto watatu, kwa hiyo ujumbe wako wa “vipi lile jambo?” unaweza kusomwa na yuleyule anayeogopwa.

Usimwombe atume ujumbe wa sauti. Utaubonyeza kwa bahati mbaya kwenye matatu na abiria wote wamsikie. Na usiwashe jumbe zinazojifuta zenyewe ukidhani unamlinda: kama kuna mtu anayemdhuru, maneno hayo ni ushahidi, na tarehe na saa zake ni sehemu ya ushahidi.

Mkishafungua mlango, hamisha mazungumzo yawe ya ana kwa ana. Chagua mahali mnapoonekana ila hamsikiki, kama benchi nje ya maktaba. Ndani ya gari hapafai, wala ofisi iliyofungwa, kwa ajili yake na kwa ajili yako.

Mfano, kuanzia mwanzo

Huu nimeutunga, kwa sababu za kweli sizisimulii. Tuseme ni binti wa miaka 16, kidato cha 3, anakaa Likoni. Saa tatu na nusu usiku anauliza kama unaweza kuweka siri. Unampa jibu lile. Kimya cha robo saa. Kisha: “Yule kijana anayetufundisha tuisheni Jumamosi aliniomba picha. Nikatuma moja. Sasa anataka nyingine, ama atatuma hiyo kwenye grupu la darasa. Usimwambie mama. Ataniua.”

Jibu la kwanza kwa hili si swali. “Asante kwa kuniambia. Kosa ni lake, si lako.” Halafu unauliza machache tu: ana miaka mingapi huyo kijana, amesema atatuma lini, na wewe usiku huu uko na nani? Usimuulize alivaa nini, kwa nini alituma, au kama kuna mengine “alikufanyia”. Si kwa adabu pekee. Maswali yanayomtilia maneno mdomoni huja kuharibu ushahidi wake mbele ya hakimu, na kazi ya kuchunguza si yako. Ukihitaji kuelewa zaidi, “ikawaje?” inatosha.

Usimwombe akutumie ile picha ili “uone”. Picha ya utupu ya mtoto kwenye simu yako ni kosa la jinai, hata nia yako ikiwa njema. Anachotakiwa kuhifadhi ni vile vitisho: picha za skrini zinazoonyesha nambari ya yule mtu, maneno yake na tarehe. Asifute chati. Asimzuie kabla ya kupiga picha hizo. Asitume picha nyingine wala pesa, kwani anayelipwa mara moja hurudi.

Sasa lile “usimwambie mama, ataniua”. Usilipuuze na usilichukue juujuu. Muulize: “Mara ya mwisho ulipokosea, mama alifanya nini?” Akisema alimfokea na kumnyang’anya simu, hiyo ni hofu ya aibu, na mama huenda akawa msaada mkubwa. Akisema alifungiwa nje au alipigwa hadi akaumia, basi mama si mtu wa kwanza kuambiwa, na hilo lenyewe linaongeza la kuripoti.

Hapo ndipo uaminifu wako unapimwa. Ulimwambia hutanyamaza mtu akimuumiza, na sasa ndivyo ilivyo. Unamwambia wazi: “Hili ni katika yale niliyokwambia siwezi kukaa nayo. Kesho asubuhi itabidi nimwambie mwalimu mkuu, na tutaripoti polisi. Lakini namna ya kumwambia mama tutaipanga pamoja.” Kama mambo yatasemwa au hayatasemwa, hana uchaguzi tena. Nani aambiwe kwanza nyumbani, nani aseme, yeye awepo au asiwepo, hayo ni yake, na mpe kwa dhati. Katika mfano wetu anamchagua mama mdogo, anayekaa Majengo na anayesikilizwa na mama yake.

Asubuhi unamwambia mwalimu mkuu, kwa maandishi mafupi. Walimu wenzako hawaambiwi. Mnakwenda kituo cha polisi na mama mdogo, mnaomba dawati la jinsia, na hamtoki bila nambari ya OB. DCI ina kitengo cha kulinda watoto ambacho Mombasa kina ofisi yake, na kesi za picha za mtandaoni ndiko kwake hasa. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo naye ajulishwe, maana ndiye atakayefuatilia hali ya nyumbani.

Kuhusu picha yenyewe, kuna huduma ya bure inayoitwa Take It Down, kwenye `takeitdown.ncmec.org`, ya watu ambao picha zao zilipigwa wakiwa chini ya miaka 18. Binti anachagua picha kwenye simu yake mwenyewe, mfumo unatengeneza alama ya kidijitali, na ni alama hiyo tu inayotumwa. Picha haiondoki kwenye simu. Facebook, Instagram, TikTok na mitandao mingine iliyojiunga huitumia kuitambua na kuiondoa. Mwambie pia kikomo chake: haiwezi kuingia ndani ya chati za WhatsApp, kwa sababu zimefungwa kwa usimbaji. Ikifika kwenye grupu la darasa, itabidi msimamizi wa grupu aifute na wazazi wahusishwe. Usimwahidi kwamba picha itatoweka. Umeanza naye kwa ukweli, endelea hivyo.

Siri yenye saa

Ikiwa alichosema ni kwamba amebakwa, kupanga nani aambiwe nyumbani kunasubiri. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Dawa za kuzuia mimba ya dharura zina muda wa hadi saa 120. Hospitali Kuu ya Pwani, pale Makadara, ina kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa kingono. Asioge kama bado hajaoga, nguo zisifuliwe, na ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwani unyevu huozesha ushahidi. Hospitali hutangulia, polisi wanaweza kufuata. Nambari 1195 ni ya bure pia, ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, na watakuelekeza ukiwa njiani.

Familia ikitaka yaishe nyumbani

Mara habari ikifika kwao, huenda ukaletewa wazee. “Mwalimu, tusitiriane. Tumeshaongea na upande wa pili.” Stara ni neno zuri na mimi silidharau. Inamstahiki binti: jina lake lisizunguke mtaani, darasa lisijue, kesi isiwe hadithi ya barazani. Lakini maslaha ya namna hii humsitiri aliyedhuru, na Jumamosi ijayo anafundisha watoto wa nyumba nyingine. Waeleze kwa heshima kwamba Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haikuiachia familia uamuzi wa kusimamisha uchunguzi, na kwamba wewe ulishatimiza wajibu wako. Usibishane zaidi ya hapo. Ni kwa sababu hii naona taarifa iandikwe mapema, kabla vikao havijaanza.

Baada ya hapo

Andika kumbukumbu siku hiyohiyo: tarehe, saa, na maneno yake mwenyewe ndani ya alama za kunukuu. Maoni yako yaache. “Alisema: ‘atatuma kwenye grupu’” inafaa. “Alionekana ametongozwa muda mrefu” haifai. Karatasi ikae kwenye kabati lenye ufunguo, isiwe ndani ya faili la darasa ambalo kila mwalimu anapekua akitafuta alama.

Mwambie binti nani anajua na nani hajui, kwa majina: mwalimu mkuu, mama mdogo, mama, afisa wa polisi, afisa wa watoto. Orodha ikiongezeka mtu, mwambie. Watoto wengi huumizwa zaidi na kutojua nani kati ya wanaompita kwenye ukumbi anajua, kuliko na ile ripoti yenyewe.

Jumbe zako za kumjulia hali ziandike kana kwamba mtu mwingine anazisoma. “Kitabu chako kiko kwangu, njoo ukichukue ukipata nafasi” inatosha ikiwa mmekubaliana maana yake. Na kwenye chumba cha walimu, mwenzako akiuliza kwa nini yule binti ametoka darasani mara mbili wiki hii, jibu lipo na si la uongo: “Ana jambo lake, tunalishughulikia.” Akiuliza mara ya pili, mwambie aulize mwalimu mkuu.